Wanao Kuja

Mwaka jana, tulipokuwa tunapanga arobaini ya bibi, baba aliandika kwenye kundi la familia: "Kaka, wanao kuja kutoka Mwanza ni watatu. Watalala kwako." Baba mkubwa ana watoto wanne, na wote wanaishi Mwanza. Alipiga simu papo hapo akiwa amekasirika, akitaka kujua ni yupi kati ya wanawe aliyekataa kuja kumkumbuka bibi yake. Baba alikuwa anazungumzia majirani wa zamani.

Nikaingilia kati mbele ya ndugu wote: "Baba, wanaokuja ni neno moja. Ukilikata unapata wanao, yaani wana wako." Nikaongeza vikatuni vitatu vya kucheka. Watu wakacheka. Baba hakujibu, na tangu siku hiyo akawa anatuma ujumbe wa sauti tu. Alimaliza darasa la saba. Mimi nasomea shahada ya uzamili ya Kiswahili, na ada ya muhula wa kwanza aliilipa yeye.

Miezi michache baadaye, darasani, mwalimu aliandika anayekuja ubaoni akauliza kwa nini ni neno moja. Nikajibu kwamba ndivyo Kiswahili sanifu kinavyoandikwa. "Hiyo ni amri," akasema. "Mimi nataka ushahidi."

Ushahidi wa kwanza ulikuwa masikioni mwetu. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunapotamka anayekuja, mkazo ni mmoja, nao uko kwenye ku. Neno anaye linalojitegemea lipo, kama katika "mtoto anaye", yaani yuko naye, lakini hilo lina mkazo wake kwenye na.

Ushahidi wa pili ulinipendeza zaidi. Ondoa kuja, weka kusoma. Kama anaye lingekuwa neno kamili linalofuatwa na kitenzi chake, tungesema "anaye kusoma". Hakuna asemaye hivyo; tunasema anayesoma. Na anayekusoma ni mtu mwingine kabisa: anakusoma wewe. Kisha ongeza kitabu: anayekisoma. Ukikata baada ya ye, unabaki na kisoma, kipande kisichoweza kusimama peke yake.

Basi hiyo ku ya anayekuja inatoka wapi? Mzizi wa kitenzi hiki ni -ja, silabi moja tu. Bila ku, mkazo ungeangukia ye, ambayo mahali hapo haiubebi, kwa hiyo ku inabaki ili iubebe. Katika ajaye haihitajiki, kwa sababu ja yenyewe iko pale mkazo unapotua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekula, anayekunywa na anayekufa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Alikata mahali ambapo jicho linaona neno zima, kuja, analolijua tangu utotoni. Tena tunaandika "ambaye anakuja" kwa maneno mawili, na ni sahihi. Aliyezoea ambaye kusimama peke yake hana ajabu akimsimamisha anaye kando yake.

Mwalimu aliongeza jambo moja. Kisetswana huandika "ke a mo rata", nampenda, kwa vipande vinne. Kizulu huandika "ngiyamthanda" kwa kimoja. Zote ni lugha za Kibantu, kwa hiyo kutenganisha si wazimu. Ila anayetenganisha atenganishe kote: a na ye kuja. Kiswahili kilichagua kuunganisha, na mkato mmoja katikati haufuati njia yoyote kati ya hizo mbili.

Jioni nilimpigia baba. Sikuanza na samahani. Nilimwambia aweke kusoma badala ya kuja. Akajaribu taratibu. "Anaye... kusoma. Hapana. Anayesoma." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na aliyekuwa anakuja?"

"Hayo mawili, Baba. Kila kimoja ni kitenzi kamili chenye a- yake mwanzoni."

"Kumbe kuna sababu," akasema. "Siku ile ulinipa kicheko tu."

Nikaomba radhi. Akasema, "Haya, mama, kalale."

Wiki mbili baadaye, kwa mara ya kwanza tangu arobaini, aliandika kwenye kundi: "Wanaokuja harusini waniambie mapema. Atakaekuja na mchele asinunue wa Mbeya, upo."

Ni atakayekuja, yenye y. Ye ileile. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye herufi. Nikakiondoa, nikaandika: "Mimi nakuja, Baba."