Chep Nani?

Karani wa mapokezi aliniuliza swali rahisi sana: "Unamtafuta nani, madam?"

"Chep," nikasema.

Akatazama daftari lake, kisha akanitazama mimi. "Chep nani? Hapa niko na Cheptoo, niko na Chepkemoi, na niko na Chepngetich. Wote wako wadi ya wanawake."

Nyuma yangu foleni ilikuwa inasonga. Mkononi nilikuwa na mfuko wa maembe na kadi ya pole iliyotiwa sahihi na watu kumi na mmoja wa ofisi yetu. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuipeleka kwa sababu, walisema, mimi ndiye rafiki yake. Na ni kweli. Tangu Februari tulikuwa tunakaa kwa meza zinazotazamana, tunagawana chapati saa nne, tunasengenya pamoja. Sasa ilikuwa Mei, ametolewa kidole tumbo, na mimi siwezi kusema jina lake.

Nilijitoa kwa foleni nikafanya kile ambacho kila Mkenya hufanya. Nilifungua simu, nikaingiza namba yake kana kwamba namtumia shilingi hamsini, nikangoja jina litokee ndio nighairi. Likatokea: MERCY CHEPNGETICH. Nikarudi kwa karani kifua mbele. "Ni yule wa tatu."

Wacha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa halikuanzia hospitalini.

Siku yake ya kwanza, bosi alimzungusha meza kwa meza. Ukweli ni kwamba sikusahau jina lake. Sikulisikia kabisa. Alipokuwa analitamka, mimi nilikuwa natayarisha langu. Naitwa Wacera. Katika Kikuyu herufi c husomwa kama sh, kwa hivyo mimi ni Washera, lakini nimeitwa Wachera, Wasera, na mwalimu mmoja wa hesabu aliniita Wakera hadi nikamaliza fomu ya nne. Kwa hivyo kila ninapokutana na mtu mgeni, kichwani nashughulika na hotuba yangu ndogo: "Wacera, soma kama sh." Mkono wangu unasalimiana, mdomo unatabasamu, masikio yamefungwa. Siku hiyo nilidaka "Chep" na mengine yakapita kama matatu iliyojaa.

Ofisi nzima ilimwita Chep, na hapo ndipo nilipojificha. Lakini Chep peke yake si jina. Katika majina ya Kikalenjin, Che- au Chep- inasema tu kwamba aliyezaliwa ni msichana, kama Kip- inavyosema ni mvulana. Kinachofuata ndicho jina lenyewe. Cheptoo alizaliwa wageni walipokuja. Chepkemoi alizaliwa usiku. Kumwita mtu Chep ni kama kumwita "Binti wa" halafu unanyamaza.

Nikaingia wadini. Alikuwa amelala kitanda cha dirishani, na kando yake mama wa makamo amekaa na kikapu miguuni. Nikataka kuonyesha kwamba namjua. Nikasema kwa sauti, "Chepingetichi! Pole sana, siz!"

Mama akageuka. "Nani?"

Nilikuwa nimelisoma vile nilivyoliona kwa skrini. Tatizo la skrini ni kwamba hukupa herufi tu. Ile alama ndogo ya juu, ile iliyo kwenye ng'ombe, ilikuwa imedondoka, kama inavyodondoka kwa vitambulisho, orodha za shule na beji za mikutano. Na alama hiyo si pambo. Ndiyo tofauti kati ya ngoma na ng'oa. Ukitaka kuisikia, taja jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Ng ya kwanza ni ya ngoma, ya pili ni ya ng'ombe, zote ndani ya jina la mtu mmoja.

Mama hakunikemea. Alisema, "Mimi ni mama yake. Nimetoka Bomet jana. Na wewe mwanangu unaitwa nani?"

"Wacera."

Akainamisha sikio. "Sijalishika vizuri. Sema tena, polepole."

"Wa-ce-ra."

"Washera," akasema. "Ni hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Washera," akarudia, mara hii akinitazama usoni. Halafu akauliza, "Kwenu lina maana gani?" Nikamwambia linatoka kwa neno la kutembea, mtu wa kuzurura na kutembelea watu. Akacheka. "Ndio maana umetutembelea."

Hiyo yote haikufika dakika moja. Alinisikiliza kabla hajajibu, akakubali mbele yangu kwamba halijamwingia, akalitamka nimsahihishe, akalifunga kwa kitu cha kukumbuka. Mama wa miaka sitini na kitu, usingizi wa basi bado machoni, alifanya siku hiyo kile nilichoshindwa kufanya kwa miezi mitatu.

Alipoenda kutafuta maji ya moto, nilibaki na rafiki yangu. Nikasema, "Chep, nina kitu cha kukiri."

"Hujui jina langu," akasema.

"Ulijuaje?"

"Aki Wacera. Hujawahi kulisema hata siku moja. Mbele ya wageni unaniita siz. Kwa simu yako niko 'Chep Akaunti', niliona siku ile ulinipigia nikiwa kando yako. Nilikuwa nangoja tu uniulize."

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilifikiri nilikuwa nalinda hisia zake kwa kutouliza, kumbe anayejificha huonekana. Nilikuwa nalinda aibu yangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa analipa.

Nikataka kuanza kuomba msamaha mrefu, kwamba mimi ni mtu mbaya, kwamba hata mimi nimeumizwa na Wakera. Akainua mkono. "Usinifanye nikubembeleze, nina mshono. Uliza tu."

Kwa hivyo nikauliza: "Samahani, jina lako lilinipita siku ya kwanza na nikaona aibu kurudi. Niambie tena, halafu nisikilize nikilisema, unirekebishe."

Hivi ndivyo alivyonifundisha. Sema ng'ombe. Sasa shikilia ile ng' mwanzoni, usiende popote, sauti ibaki puani. Ondoa -ombe, weka -e: ng'e. Mbele yake weka Chep, funga midomo kwenye p, na usiweke irabu yoyote katikati. Sisi wa Kiswahili tunapenda kupachika i au u kati ya konsonanti, ndio tunapata Chepi-ngetichi. Mwisho ni -tich, na hapo pia unanyamaza kwenye ch, usiongeze i. Chep-ng'e-tich.

Nilijaribu mara nne. Mara ya kwanza g ilirudi. Mara ya pili nilikuwa na i mkiani. Mara ya nne mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Hapo sasa!"

"Na maana yake?" nikauliza, kwa sababu nilikuwa nimetoka kufundishwa na mama.

"Msichana aliyezaliwa asubuhi, wakati ng'ombe wanainuka kwenda malishoni."

Ng'ombe! Ile sauti niliyoshindwa nayo ilikuwa inaniambia yenyewe itakaa wapi. Tangu siku hiyo sijalisahau, na najua kwa nini. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, kila uso na jina la ukoo na kazi. Kuna maneno ya Kiingereza yanayoweza kuwa yote mawili: Baker ni jina la mtu, na pia ni mwoka mikate. Neno likiwa lile lile, watu walilikumbuka zaidi lilipokuwa kazi kuliko lilipokuwa jina. Ukiambiwa mtu ni mwoka mikate, unaona tanuri na unga mikononi. Ukiambiwa anaitwa Baker, huoni kitu, neno linaelea tu. Majina yetu mengi yana bahati: ndani yake kuna asubuhi, mvua, wageni, ng'ombe. Ukipewa maana, neno linapata mahali pa kukaa.

Lakini kuna mipaka, na Chepng'etich alinionya. Usibuni maana mwenyewe, na usimfanye mtu mhadhara mbele ya kikundi kila anapojitambulisha. Wengine hawajui maana ya majina yao, wengine walipewa tu jina la nyanya, na wengine wamechoka kuulizwa. Matamshi muulize kila mtu. Maana muulize mkishazoeana kidogo, na akikwepa, mwache.

Pia akaniambia ni lini ni rahisi kuuliza. Ndani ya mazungumzo yale yale ya kwanza, haikugharimu kitu: "Jina limenipita, sema tena." Kesho yake bado ni sawa. Baada ya wiki unaona haya kidogo. Baada ya miezi mitatu inakuwa ungamo, lakini bado ni bora kuliko ujanja. Mimi nilishajaribu ujanja. Kwa harusi moja nilimwuliza mwanaume, "Jina lako huandikwa vipi?" nikitegemea atalitaja. Akanitazama kwa huruma: "T-O-M."

Siku hizi mtu akinisogelea, ile hotuba yangu ya Wacera naiweka kando. Langu litangoja. Nasikiliza lake kwanza, nalirudisha kwake palepale, halafu nalitumia tena tunapoagana. Kama siwezi kulisema wakati wa kuagana, hiyo ndiyo dalili kwamba halikuingia, na nauliza kabla hajageuka.

Ukitaka mahali pa kujizoeza, msikilize mtangazaji wakati wa mbio za mita 1500. Bingwa wa Olimpiki wa Rio, Tokyo na Paris ni Faith Chepng'etich Kipyegon. Jina la katikati mara nyingi huandikwa bila ile alama. Iweke mwenyewe.

Nilipokuwa natoka wadini, mama alikuwa anarudi na chupa yake ya chai. Akanishika mkono. "Haya, Washera. Asante kwa kututembelea."

"Asante, mama Chepng'etich," nikasema.

Akatulia kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. "Sasa limeingia," akasema.

Nilifungua simu nikiwa kwa matatu. Nikafuta "Chep Akaunti" nikaandika jina lote, na ile alama yake juu.