Ulimi Uliokuwa Ukitafuta Njia

Mjukuu wetu ana miaka 8, na kila r kinywani mwake hugeuka l: baraka huwa “balaka”, bahari huwa “bahali”. Chuoni wenzake walimcheka. Nasi, hatufichi, tulimrudisha neno moja mara kumi mbele yao, hata akaacha kusoma kwa sauti. Majirani wakamshauri mama yake akamkatishe utando wa chini ya ulimi. Kabla ya kukata, tulimpeleka kwa mtaalamu wa matamshi hapa Mombasa.

Bibi yule kwanza aliuliza kama mtoto husikia vyema, na kama amewahi kutokwa na usaha masikioni. Kisha akaweka mezani picha mbili, sanduku la kura na sahani ya chakula, akajiziba mdomo kwa karatasi. Akawa anatamka “kura” au “kula”, na mtoto anaonyesha picha. Hakukosea hata mara moja.

“Sikio linaijua tofauti,” akasema.

Akamwambia ainue ncha ya ulimi hadi kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, aseme la, na, da. Zote zilitoka safi.

“Shekhe, ulimi uliofungwa haungefika hapo. Hakuna cha kukata.”

Tuliona haya. Laam, nuun na raa ni majirani katika makharij, na hilo ndilo tunalolifundisha miaka yote.

Akaeleza kwamba katika l ncha ya ulimi hutulia pale juu na pumzi ikapita pembeni. Katika r hugusa na kuachia papo hapo. Kwa hiyo hakumtaka mtoto aseme r. Alimtaka aseme “ada, ada, ada”, kwa wepesi, kisha kwa kasi zaidi. Baada ya majaribio mengi ikatoka “ara”. Mtoto akanyamaza, akatutazama.

“Umeisikia?”

“Nimeisikia.”

Akajaribu “gari”, ikarudi “gali”. Bibi hakushangaa. Alisema sauti hujengwa kwanza peke yake, kisha katika neno, kisha katika sentensi, na mwisho katika mazungumzo. Nayo ni kazi ya miezi.

Nyumbani tumpe “ada” dakika tano, asubuhi na jioni, basi. Tusimsahihishe mezani wala chuoni.

“Kila mnapomrudisha neno, Shekhe, anarudia ile ile l. Mnaizoesha.”

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani yakiwa mazito kifuani.

Jumamosi iliyofuata zamu yake ya kusoma ilifika. Akasita, akaanza kwa sauti ndogo, na raa ya kwanza ikatoka laam. Wenzake wakatugeukia, wakingoja tumrudishe kama desturi yetu.

Tukamwambia, “Endelea, mwanangu.”

Akaendelea mpaka mwisho.