Mashaka ya Titresheni: Bureti, Mizani na Usafi wa Kemikali

Kwa miaka kadhaa tulisahihisha zoezi la titresheni kwa desturi tuliyoirithi kwa waliotutangulia. Mkufunzi hupima kwanza, jibu lake likawa ndilo jibu sahihi, na mwanachuo aliyetofautiana nalo kwa zaidi ya asilimia 1 hukatwa alama. Muhula mmoja tulipata ukolezi wa asidi ya hidrokloriki kuwa 0.1009 molari, na mwanachuo mmoja akapata 0.1022. Tulimkata alama 4 kati ya 10, na pembeni mwa daftari lake tukaandika: "Soma bureti kwa uangalifu."

Kesho yake alikuja ofisini. "Mkufunzi," alisema, "vipimo vyangu vitatu vimepishana kwa mililita 0.05 tu. Hilo kosa langu la bureti liko wapi?" Tulitazama daftari, tukaona kwamba asemayo ni kweli. Hatukuwa na jibu la kumpa, nasi tulimwomba aturudie baada ya siku mbili.

Zoezi lenyewe walimu wengi wanalijua. Mwanachuo hupima gramu 1.33 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji, huiyeyusha na kujaza hadi mililita 250, kisha huchukua mililita 25 kwa pipeti na kuongeza asidi kutoka katika bureti mpaka rangi ya methili oranji ibadilike. Siku ile sisi tulitumia mililita 24.80 za asidi. Tuliketi basi kufanya jambo ambalo ilitupasa kulifanya tangu mwanzo, yaani kuorodhesha kila mahali shaka linapoingia na kulipa kila shaka ukubwa wake. Orodha ya namna hii huitwa bajeti ya mashaka, na kanuni zake zimo katika mwongozo uliotolewa na ISO mwaka 1993.

Tulianza na bureti, kwa kuwa ndiyo tuliyoishutumu. Bureti zetu ni za daraja B, ambazo kwa mililita 50 huruhusiwa kukosea kwa mililita 0.1 juu au chini. Mtengenezaji hasemi ni wapi kati ya mipaka hiyo kosa la bureti fulani lilipo, basi hatuna budi kuuchukulia kila uwezekano kuwa sawa na mwingine. Katika hali hiyo mpaka hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, na hupatikana mililita 0.058. Hicho ndicho kinachoitwa shaka sanifu. Jicho husoma mara mbili, mwanzo na mwisho, na kila mara laweza kupotea kwa 0.05. Kwa njia ile ile masomo hayo mawili huleta pamoja 0.041. Tone la mwisho, lenye kiasi cha mililita 0.05, huleta 0.029. Mashaka yasiyotegemeana hayajumlishwi kama fedha sokoni. Kila moja huzidishwa kwa lenyewe, majibu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla. Tulipata mililita 0.077, yaani asilimia 0.31 ya mililita 24.80.

Tukaja kwenye mizani. Hapo, tunakiri, hatukutarajia kukuta kitu. Mizani yetu huonyesha hadi gramu 0.01, na kijitabu chake husema kwamba kila somo laweza kukosea kwa kiasi hicho hicho. Ukigawanya unapata gramu 0.0058. Lakini uzito wa kaboneti ni tofauti ya masomo mawili, la chombo kitupu na la chombo chenye kaboneti, na kwa hiyo shaka hupanda hadi 0.0082. Kwa gramu 500 za unga wa ugali hilo si kitu. Kwa gramu 1.33 ni asilimia 0.61, karibu mara mbili ya bureti.

Usafi wa kaboneti haukutuchukua muda mrefu. Kibandiko cha chupa kilisema si chini ya asilimia 99.5. Tulichukua 99.75 kuwa thamani ya katikati, tukaruhusu 0.25 juu na chini, na shaka lake likawa asilimia 0.14. Pipeti ya daraja B ilileta 0.14 nyingine, na chupa ya ujazo 0.07.

Jumla ya yote, kwa njia ya vipeuo, ilikuwa asilimia 0.72. Shaka sanifu la jibu letu lilikuwa basi 0.0007 molari, na kwa desturi huzidishwa mara 2 ili kutoa mipaka inayotegemewa kwa kiasi cha asilimia 95. Yaani 0.1009 letu lilikuwa jambo la kati ya 0.0995 na 0.1023. Nalo jibu la mwanachuo lilikuwa na mipaka yake, yenye upana kama huo. Ukipima tofauti ya majibu mawili, mashaka ya yote mawili huingia. Usafi tu hutoka, kwa sababu kaboneti ilitoka chupa moja. Tofauti isiyofika 0.0020 haitoshi kumhukumu mtu, na yake ilikuwa 0.0013. Tulimrudishia alama zake nne, tukafuta na yale maneno ya pembeni.

Wakati huo tulikwisha andika barua kwa mkuu wa chuo kuomba bureti mpya za daraja A. Kabla ya kuipeleka tuliijaribu bajeti: kosa la bureti likipungua kutoka 0.1 hadi 0.05, jumla hushuka kutoka asilimia 0.72 hadi 0.69 tu. Barua ikabaki mezani. Badala yake tuliwaagiza wanachuo wapime gramu 13.3, mara kumi ya zamani, wajaze hadi mililita 250, kisha wachukue mililita 25 za mchanganyiko huo na kuzijaza tena hadi 250. Shaka la mizani likaanguka hadi asilimia 0.06, na jumla ikawa 0.41. Tahadhari ni moja: pipeti na chupa ya kupunguzia ukolezi ziwe nyingine. Chombo kile kile kikitumiwa mara mbili, kosa lake hurudi upande ule ule, na jumla hukaribia 0.47. Kaboneti hutumika nyingi zaidi, lakini hiyo ni rahisi kuliko mizani mpya.

Muhula uliofuata majibu ya darasa yalikaribiana vizuri, nasi tukafurahi, mpaka tulipopima asidi iliyonunuliwa ikiwa tayari imesanifiwa. Majibu yote yalizidi ukolezi ulioandikwa kwa karibu asilimia 3. Bajeti haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Tuliuamini usafi wa kibandiko, na kibandiko husema habari za siku chupa ilipofungwa. Yetu ilikuwa imefunguliwa mara nyingi, na kaboneti hunyonya maji ya hewa. Gramu zikawa zile zile, kaboneti ndani yake imepungua, asidi ikatumika kidogo, na hesabu ikaionyesha kuwa kali kuliko ilivyo. Kwa kuwa wote walichota chupa moja, kupatana kwao hakukufichua lolote.

Tulipima gramu 10.00 za kaboneti hiyo katika bakuli la kauri, tukaipasha moto kwa saa moja kwenye nyuzi kati ya 270 na 300 za Selsiasi, tukaiacha ipoe ndani ya chombo cha kukaushia, tukaipima: gramu 9.71. Tuliipasha tena nusu saa, ikabaki 9.71. Sasa kila darasa huanza kwa kazi hiyo, na tarakimu hizo mbili za uzito huandikwa daftarini juu ya mstari wa kwanza wa bajeti.