Ndoa si Ruhusa ya Kudumu



Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja alikuja kwangu kutafuta ushauri. Alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue kwa upasuaji. Usiku mumewe alimtaka. Alikataa kwa sababu ya maumivu, naye akamshika mikono na kumlazimisha. Nilimfungulia 1 Wakorintho 7, nikamwambia mke asimnyime mumewe. Akaondoka akilia.

Nilikosea, na nimeshamwomba msamaha.

Someni sura hiyo polepole. Paulo anampa mke mamlaka juu ya mwili wa mume vilevile, na anazungumza juu ya kupatana. Anayemshika mwenzake mikono hajapatana naye. Ule ulikuwa ubakaji. Na mke anayenyamaza kwa kuogopa kipigo, au kunyimwa pesa za chakula, bado hajakubali. Kiapo cha harusi hakijibu swali la usiku wa leo.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 43, inawaacha nje waliooana. Lakini sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi.

Dada, yakikupata, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita, upewe dawa za kuzuia maambukizi ya HIV. Piga 1195, ni bure. Ukija kwangu, safari hii nitakusikiliza kwanza.