"Ee" Yake, Maneno Yangu

Sentensi niliyoipenda kuliko zote katika taarifa ile ilikuwa hii: "Niliona matatu ikija kwa kasi kupita kiasi, ikahama upande wake kwa uzembe na kumgonga mwendesha bodaboda." Niliisoma mara mbili, nikatabasamu peke yangu. Shida ilikuwa moja tu. Mwenye taarifa hakuwa ameisema.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika chochote kinacholipwa: barua za kuomba kazi, hotuba za harusi, maelezo ya nyumba za kupangisha. Kuna wakili mmoja hunipigia akiwa na shahidi ambaye hadithi yake imesambaa kama njugu zilizomwagika. Safari hii ilikuwa kesi ya fidia. Kijana wa boda alikuwa amevunjwa mguu, na mtu pekee aliyekubali kusimama upande wake alikuwa mama anayeuza chapati kando ya barabara, huku Eastlands. Kwa kesi za madai, kanuni za mwaka 2010 zinataka taarifa za mashahidi ziandikwe, zitiwe sahihi, na ziwasilishwe pamoja na dai lenyewe. Kwa hivyo nikatumwa kwa mama, maana jiko lake haliwezi kumfuata mjini.

Nilirudi na rekodi ya dakika 41 na kurasa sita za mwandiko ambao hata mimi ulinishinda kuusoma. Mama alianzia hospitalini, akarudi kwa karao walivyochelewa, akaruka kwa unga kupanda bei, akafika kwa kishindo, halafu akarudi hospitalini tena. Watu huongea hivyo. Kumbukumbu huanza na kile kilichouma zaidi, si kile kilichotangulia.

Kupanga ni kazi ninayoijua. Kwanza niliandika rekodi yote neno kwa neno, na kando ya kila kipande nikaweka dakika yake. Hiyo kopi huwa siigusi tena. Kisha nikapitia kila sentensi na kalamu, nikiweka herufi moja pembeni: O kwa alichoona, S kwa alichosikia mwenyewe, A kwa alichoambiwa, D kwa anachodhani. Baada ya hapo unachukua O na S pekee, unazipanga kufuata saa, unazipa nambari, jambo moja kwa kila aya. Ni rahisi hivyo. Ndio maana nikalala vizuri.

Siku iliyofuata nilimsomea. Sheria ya wakili ni kwamba shahidi hapewi karatasi atie sahihi tu, anasomewa polepole, kwa lugha anayoongea. Mahakama ya hakimu inakubali Kiswahili, kwa hivyo hatukuhitaji mkalimani. Mama alikuwa anasukuma chapati huku akitikisa kichwa. Nilipofika kwa ile sentensi yangu tamu, mkono ukasimama.

"Kijana wangu, hapo umeandika niliona?"

"Ndiyo, mama. Ulisema uliona."

"Nilisema? Mimi si nilikuwa nimeinamia jiko?"

Nilirudi kwa rekodi, masikio moja kwa moja kwa dakika ya 17. Sauti yangu ndiyo inayosikika: "Kwa hivyo uliiona mat ikija mbio, ikatoka upande wake, ikamgonga?" Halafu yake, katikati ya chapati mbili: "Ee." Basi. Sentensi nzima ilikuwa yangu. Chake kilikuwa herufi mbili. Na hiyo "ee" yake haikuwa uongo. Alikuwa ananiitikia kama unavyomwitikia mgeni anayesimulia, kumwonyesha kwamba unamsikiliza.

Hapo ndipo nilielewa ni wapi taarifa huharibika. Nilidhani hatari iko kwa karatasi, wakati wa kupanga. Kumbe iko kwa swali. Swali linalobeba jibu lake ndani huzaa "ee," na ukikaa na laptopu usiku unasahau ni nani aliyesema nini. Siku hizi nina alama ya tano, M, kwa maneno yangu. Popote jibu la shahidi ni fupi kuliko swali langu, naweka M na narudi kuuliza upya.

Na ingegharimu. Kwenye kesi, mara nyingi shahidi huomba taarifa yake ichukuliwe kama ushahidi wake, halafu wakili wa upande wa pili anasimama kumhoji. Swali lake la kwanza lingekuwa, "Ulikuwa unatazama wapi?" La pili, "Uzembe maana yake nini?" Uzembe ni neno la hakimu kuamua, si la shahidi kutangaza. Mama angejikwaa kwa maneno ambayo si yake, na kila kitu cha kweli alichonacho kingeonekana cha kubuni. Kijana wa boda ndiye angelipia mtindo wangu.

Tukaanza tena. Nikauliza maswali ambayo hayana jibu ndani. Kabla ya kusikia chochote, ulikuwa unafanya nini? Ulisikia nini kwanza? Ulipogeuka, nini kilikuwa wapi? Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulinisumbua zaidi.

Barabara yenyewe ni ya gari moja kwenda, moja kurudi, na jiko la mama liko upande wa magari yanayotoka town. Aya zilizobadilika zikawa hivi:

4. Nilikuwa nimeinama nikichochea jiko. Sikuangalia saa, lakini adhana ya magharibi ilikuwa bado.

5. Nilisikia kishindo. Kabla yake sikusikia honi wala breki.

6. Niligeuka mara moja. Matatu ilikuwa imesimama ikiangalia town, na magurudumu ya mbele yalikuwa upande wangu wa barabara, kama hatua tatu kutoka kwa jiko.

7. Pikipiki ilikuwa imelala kando ya mtaro, upande huo huo wangu. Kijana alikuwa ameshika mguu.

8. Sikuona matatu ikigonga pikipiki.

Aya ya 8 niliiandika kwa shingo upande. Lakini isome pamoja na ya 6. Gari linaloenda town halina kazi upande wa magari yanayotoka town. Hakuona lilivyofika pale, lakini aliona lilipo, na hatua tatu kutoka kwa jiko lako ni kipimo usichokisahau. Wakati nilioutaka uwe "saa kumi na mbili na dakika kumi" nikauacha kwa adhana, kwa sababu adhana ndiyo aliyonayo.

Kulikuwa na A moja iliyoniuma kuiacha: "Dereva alikuwa kwa simu, kila mtu anajua." Nani alikuambia? Muuza matunda wa ng'ambo. Alimwona? Hiyo mama hakujua. Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au kusikia mwenyewe, kwa hivyo haikuingia kwa taarifa. Ilienda kwa karatasi tofauti ya wakili: mtafute muuza matunda.

Nilimsomea mama mara ya pili. Alinisimamisha mara moja tu, nilipoandika "mtaro" akasema ni mtaro mkavu, mvua haikuwa imenyesha. Nikaongeza "mkavu" kwa kalamu, akaweka herufi za jina lake kando ya neno hilo, kisha sahihi na tarehe chini.

"Sasa hii," akasema akinirudishia kalamu, vidole vyeupe kwa unga, "hata wakiniamsha usiku nitaisema."