Barua Yetu kwa Tajiri: Kutoka Taslimu Hadi Siku Thelathini



Wengi wenu mnatujua. Sisi ni mtu na mdogo wake, tumezaliwa Unguja, na ndoa zikatuleta huku Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, chini ya Mlima Meru. Tuna duka dogo la kanga, mabaibui, mitandio na shela za maharusi. Mzigo tunaufuata Arusha mjini kwa tajiri mmoja wa jumla, na mwaka mzima tulimlipa taslimu, hata senti moja haikulala.

Rajabu ilipoingia tukajua yanayokuja. Shaabani harusi zinafuatana, halafu Ramadhani, halafu Shawwali harusi zinarudi tena. Tulihitaji kujaza duka, na fedha yetu ilikuwa imekwama kwenye mabaibui ambayo biharusi huyalipia kidogo kidogo. Jirani yetu mmoja wa biashara alikuwa ameshaingia kwenye mikopo ile inayoitwa kausha damu, na tuliona kwa macho yetu marejesho ya kila wiki yanavyomla. Sisi tuliikimbia kwa sababu mbili: ni riba, na ni maangamizi. Njia iliyobaki ilikuwa kumwomba tajiri mali kauli, yaani tuchukue mzigo leo na tulipe baada ya siku thelathini.

Barua ya kwanza tuliiandika kwa machozi. Tulimsifu tajiri, tukamweleza ugumu wa maisha na ada za watoto, kisha tukaomba mzigo wote wa shilingi 1,200,000 kwa mkopo. Aliisoma mbele yetu, akaikunja. "Dada zangu," alisema, "hapa mmenieleza shida. Shida hailipi mzigo. Nielezeni mzigo unavyotoka dukani kwenu." Halafu akauliza swali lililotuuma: "Na kwani mmenunua kwangu mara ngapi?"

Tulidhani anatujua. Kumbe anayenunua taslimu hana jina. Analipa, anapewa risiti, anaondoka. Kwenye daftari la tajiri wanaoandikwa ni wadaiwa, na sisi mwaka mzima hatukuwamo.

Hapo tukaikumbuka aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na yote ni ya deni. Inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa, na liwe na mashahidi. Lakini biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa kuandikwa. Sisi tulikuwa tunatoka upande wa msamaha kwenda upande wa amri, kwa hiyo barua yenyewe ilipaswa kuwa mwanzo wa maandishi ya deni. Ombi la huruma halikuwa na nafasi humo.

Bahati nzuri tulikuwa na daftari letu. Risiti za mashine hufifia, ukiziweka miezi michache juani karatasi inabaki nyeupe, kwa hiyo kila tukirudi na mzigo tulinakili tarehe, namba ya risiti na kiasi. Tulikaa usiku mmoja tukajumlisha: safari 22, shilingi 26,400,000, wastani wa 1,200,000 kila safari.

Kisha tukafanya hesabu ambayo tungepaswa kuifanya kabla ya ile barua ya kwanza. Mzigo wa safari moja una sehemu mbili. Nusu ni kanga, doti 60 kwa shilingi 10,000, jumla 600,000. Tunaziuza 13,000, na daftari linaonyesha doti 60 huisha kwa siku kama 17, kwa sababu huku kanga haingoji harusi tu. Msibani inatakiwa, kwa mzazi inatakiwa, kwenye sendofu inatakiwa, Muislamu na asiye Muislamu wote wananunua. Nusu nyingine ni mabaibui, shela na mitandio, 600,000 pia. Hiyo hukaa miezi miwili, wakati mwingine zaidi, maana biharusi anaweka arubuni leo na anamalizia siku chache kabla ya nikahi.

Sasa tazameni kama tajiri angetukubalia ile barua ya kwanza. Siku ya thelathini kanga zote zingekuwa zimeuzwa, tuna 780,000 mkononi. Kwenye mabaibui na shela, kwa kawaida yetu, tungekuwa na kama 290,000 pamoja na arubuni. Jumla ni 1,070,000, na deni ni 1,200,000. Tungepungukiwa 130,000 kabla hata ya kulipa kodi ya duka. Tajiri alituokoa alipokataa, ingawa siku ile tulirudi kimya ndani ya daladala mpaka Maji ya Chai.

Jambo tulilojifunza ndilo hili: mkopo wa siku thelathini unafaa kwa bidhaa inayogeuka fedha kabla ya siku thelathini, na kwa hiyo tu. Tukaamua tuombe kanga peke yake. Vitu vya biharusi tungeendelea kuvinunua taslimu, na ile 600,000 iliyokuwa ikienda kwenye kanga sasa ingetupa mabaibui na shela mara mbili kwa ajili ya msimu.

Barua ya pili ilikuwa hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUCHUKUA KANGA KWA MALI KAULI YA SIKU 30

Assalaamu alaykum. Sisi ni wenye duka la nguo Kikatiti. Katika mwaka mmoja tumenunua kwako mara 22, jumla ya shilingi 26,400,000, zote taslimu. Tumeambatanisha orodha ya tarehe na namba za risiti ili uilinganishe na kumbukumbu zako.

Tunaomba kuchukua kanga doti 60 kwa kila awamu na kulipa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kupokea mzigo. Kwa mfano, mzigo wa tarehe 10 Januari utalipwa kabla ya jioni ya tarehe 9 Februari. Hatutachukua awamu mpya kabla ya kumaliza ya nyuma. Bidhaa nyingine zote tutaendelea kulipa taslimu.

Doti 60 dukani kwetu huuzwa kwa siku 17 kwa wastani, na kurasa za daftari la mauzo ya miezi mitatu tumeziambatanisha. Doti ambazo hazijafunguliwa, tunaomba ruhusa ya kuzibadilisha ndani ya siku 15.

Tunashauri makubaliano yaandikwe nakala mbili na yawe na mashahidi wa pande zote. Tutashukuru kupata jibu lako kabla ya tarehe 10, ili tujue tuje na fedha kiasi gani."

Mtaona hatukuandika "mwezi mmoja". Mwezi wetu wa Kiislamu una siku 29 au 30, wa kawaida unafika 31, na siku moja inatosha kuvunja urafiki. Tena tuliandika zinaanza kuhesabiwa lini, maana tajiri anaweza kuhesabu tangu siku ya kuandika risiti, na wewe tangu mzigo ufike dukani. Tarehe kamili inamaliza ubishi.

Safari hii tajiri aliisoma mara mbili, akachukua orodha yetu na kuulinganisha ukurasa wa mwanzo na vitabu vyake. Akasema amekubali, ila ana masharti mawili. Kwanza, doti ya mali kauli ni 10,500, si 10,000. Pili, tukichelewa ataongeza asilimia tano kila wiki.

Hatukujibu palepale. Tulimuuliza ustadhi wetu. Kuhusu la kwanza alituambia kuwa wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, ilimradi mkubaliane bei moja kabla ya kuachana, na isibadilike tena. Sharti la pili alilikataa kabisa: deni likishathibiti, kuongeza juu yake kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alinunua chakula kwa mkopo akaweka rehani deraa yake. Kwa hiyo mkopo hauna aibu, na mdai kutaka kinga ni haki yake, lakini kinga ina njia za halali.

Tukarudi na pendekezo. Bei ya 10,500 tumeikubali, inatutoa 30,000 kwa awamu na faida yetu inabaki 150,000. Badala ya ile asilimia tano, tukichelewa mali kauli inasimama, na doti zilizobaki anazichukua kwa bei ileile. Alicheka, akasema, "Nyinyi mnaandika kama makadhi." Akatia saini, na mashahidi wakatia.

Awamu ya kwanza tulipeana sharti la nyumbani. Tuliweka kibubu, na kila doti ikiuzwa 10,500 inaingia humo kabla hatujagusa kitu. Fedha ile si yetu, ni amana ya tajiri iliyolala kwetu. Hesabu yake ni nyepesi: siku ya 15 kibubu kiwe na angalau nusu ya deni, yaani 315,000. Kikipungua, ama mzigo hautoki, ama fedha imeliwa.

Siku ya 13 tulifungua tukakuta 273,000, doti 26 tu. Kwanza tulitazamana kwa shaka, tusisemezane. Tulipohesabu rafu tukaona tatizo: doti 10 za jina moja lenye fumbo kali la kumsema jirani zilikuwa hazijaguswa. Nani atampelekea mfiwa kanga ya kumsuta? Tukazirudisha kesho yake zikiwa hazijafunguliwa, kwa kile kifungu cha siku 15, tukapewa nyingine zenye maneno ya dua na shukrani. Siku ya 26 tulilipa 630,000 kamili, tukachukua risiti na tukaandika "limelipwa" kwenye nakala zote mbili.

Na biharusi waliotuomba tuwape kanga za sanduku kwa mkopo? Hapo ilituuma, maana wengine ni watoto wa majirani. Lakini kanga za mali kauli haziwezi kukopeshwa tena: tajiri anatungoja siku 30, biharusi anataka 60, na ule mwezi wa katikati hauna wa kuulipa. Mabaibui tuliyoyanunua kwa fedha yetu ndiyo tunayoyakopesha, na siku hizi tunaandikiana. Wa kwanza alisitasita kidogo tulipomsogezea kalamu. Mama yake akamwambia, "Andika mwanangu, na ile sehemu ya mahari aliyosema atailipa baadaye, nayo ni deni. Mwambie aiandike hivihivi, na tarehe."

Allah atujaalie tuwe wenye kulipa kabla ya kudaiwa. Wabillahi tawfiq.