Visi ndogo chini ya mkono wa mlango: namna ya kuifungua bila kuvunja mlango

Ninyi jamaa mliohama makwenu mkapanga chumba hapa Lubumbashi, leo nazungumzia kitu kidogo ambacho mara nyingi kinamaliza pesa ya garanti: mkono wa mlango, ule tunaouita puanye, unaokataa kutoka.

Mwezi uliopita, mama mmoja aliyetoka upande wa Mitwaba aliniita kwenye lupango lao, Ruashi. Kufuli ya ndani ya mlango wake ilikuwa imekufa, na usiku alifunga mlango kwa kamba, watoto wanne wakilala ndani. Kufuli mpya alikwisha kununua. Lakini huwezi kutoa ya zamani kabla puanye haijatoka, na fundi wa kwanza alisema: «Mama, tuvunje tu.» Mwenye nyumba naye alimwambia kwamba mlango ukivunjika, atakata kwenye garanti.

Puanye ya namna hii haionyeshi visi. Pitisha kidole chini ya shingo yake, karibu na bati la mlango, utasikia kitundu. Ndani yake kuna visi isiyo na kichwa, yenye shimo la pembe sita, inayobana chuma cha mraba kinachopita katikati ya kufuli. Kle yake mara nyingi ni ya milimita 2.5 au 3. Mvua na jasho la mikono vinaleta kutu, na mtu akitumia kle ndogo kuliko shimo, pembe zinalika na shimo linakuwa duara. Ya huyu mama ilikuwa hivyo.

Kwanza tuliacha mlango wazi, tukaweka jiwe ili usijifunge, maana ukijifunga puanye ikiwa haishiki, mtu anabaki ndani. Kwa sindano nikachokoa rangi na uchafu mpaka chuma kikaonekana. Kisha, kwa sirinji, nikatia petroli ya taa ndani ya kitundu, na nyingine juu, pale chuma cha mraba kinapoingia kwenye shingo. Tukatia tena jioni, tukaacha ilale. Kutu haitoki kwa nguvu ya saa moja. Na ukishatia petroli, usilete moto.

Asubuhi niliweka msumari mnene, uliokatwa ncha, ndani ya kitundu, nikaugonga kidogo kidogo kutoka chini, mama akishika puanye isitikisike. Mapigo hayo madogo yanapasua kutu kwenye nyuzi za visi.

Shimo lilikuwa la milimita 3. Nilitafuta kle ya inchi, ya sehemu moja ya nane, ambayo ni karibu milimita 3.2. Inakataa kuingia kwa mkono. Unaigonga kwa nyundo mpaka inakaa imara. Turnevisi ya nyota inayozidi shimo kidogo inaweza pia kufanya kazi hiyo. Angalia upande wa kuzungusha: ukitazama kitundu uso kwa uso, fungua kinyume cha saa. Wengi wanasimama juu ya puanye, wanachanganya upande, na wanaikaza zaidi.

Nilikaza kwanza kidogo sana, kisha nikafungua. Ikasikika «tak». Kama kle inaanza kujipinda bila sauti yoyote, acha, rudisha petroli, ngoja siku nyingine.

Visi haihitaji kutoka yote. Inatosha iache kubana chuma cha mraba. Mizunguko miwili ilitosha, lakini puanye bado ilikwama kwa kutu. Tuliitikisa juu na chini, nikaigonga kwa nyuma na kipande cha mbao, ikatoka.

Na kama visi ingekataa kabisa? Ningeitoboa kwa ncha ya milimita 3, kisha 4, polepole, katikati kabisa. Visi ni ngumu na puanye ya aluminiyo ni laini, kwa hiyo ncha mbovu inateleza na kula puanye. Njia ya mwisho ni kufungua visi za bati, kulisogeza, kuingiza jani la msumeno wa chuma na kukata chuma cha mraba. Hicho hununuliwa kipya. Pima upande wake, maana kuna cha milimita 7 na cha 8.

Kufuli mpya iliingia siku hiyo hiyo. Visi ya zamani hatukuirudisha. Tuliweka mpya, tukaipaka grisi kwanza, ili siku ikihitajika kufunguliwa tena, kle ya kawaida itoshe.